Macho Yasifuate Mpira: Kijitabu cha mwalimu wa michezo anayetaka kupima kama timu ndogo huwafanya wanafunzi wasogee zaidi

Kwa walimu wa elimu ya viungo wa mji wa Kisangani, katika komuni za Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani na Lubunga

KWA NINI TUMEANDIKA

Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Somo la michezo limebaki na mpira mmoja na uwanja mmoja. Wazazi wanalalamika kwamba watoto huvaa nguo za michezo, hukaa pembeni ya uwanja, kisha hurudi nyumbani bila jasho. Walimu wengi wamejibu kwa kugawa darasa katika timu ndogo za wachezaji 4 dhidi ya 4. Hilo ni jambo jema, na ofisi yetu imelihimiza.

Tatizo liko kwenye ripoti zinazotufikia. Karibu zote zinasema jambo moja: "Watoto sasa wanacheza wote." Tukimwuliza mwalimu alijuaje, anajibu: "Niliona." Kuona hivyo si kupima. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kupima, na hasa kinaonya juu ya kosa moja ambalo halikomi.

ONYO LA KWANZA

Jicho la mtu aliye kando ya uwanja hufuata mpira. Palipo na mpira pana mtoto anayekimbia, kwa hiyo mtazamaji anaona mbio tu. Mtoto aliyesimama upande wa pili, mikono kiunoni, hayumo katika hesabu. Ukigawa uwanja mara 6, mipira inakuwa 6, na jicho linapata sehemu 6 za kudanganyika badala ya moja. Mchezo mpya utaonekana mzuri hata kama haukubadilisha kitu.

Kwa hiyo: mtoto wa kutazamwa achaguliwe kwa kura kabla ya somo. Asichaguliwe uwanjani, na asichaguliwe na mwalimu anayefundisha.

NANI ANAWEZA KUFANYA

Mwalimu yeyote mwenye darasa lake, mwenzake mmoja wa kutazama, na ruhusa ya direkta au prefe. Wazazi waarifiwe. Majina ya watoto yasiandikwe, namba tu. Mtoto mgonjwa asiingizwe kwenye kura.

KIPIMO CHENYEWE

Hatukukibuni sisi. Mwaka 1991 Thomas McKenzie, James Sallis na Philip Nader wa Marekani walichapisha njia iitwayo SOFIT, na hadi leo hutumiwa kupima masomo ya michezo katika nchi nyingi. Haihitaji mashine. Inahitaji saa, kaye, biki na nidhamu.

Mtazamaji anatazama mtoto mmoja kwa sekunde 10, kisha anaandika kwa sekunde 10. Anachoandika ni kile mtoto anachofanya sekunde ya kumi inapogonga, si kile alichofanya kabla wala anachoelekea kukifanya. Namba ni 5: 1 amelala, 2 ameketi, 3 amesimama, 4 anatembea, 5 anatumia nguvu zaidi ya kutembea, kama kukimbia au kuruka. Namba 4 na 5 zikijumlishwa ndizo muda wa mwendo.

Baada ya alama 12, yaani dakika 4, mtazamaji anahamia mtoto wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, halafu anarudi kwa wa kwanza. Katika somo la dakika 50 mizunguko 3 huchukua dakika 48 na kutoa alama 144. Hesabu huanza pale zaidi ya nusu ya darasa wanapofika uwanjani, si mchezo unapoanza. Ukianza kuhesabu kwa filimbi ya mchezo, umeficha muda wa kupanga mistari na kugawa timu, na mara nyingi huko ndiko muda unakopotelea.

Kandokando ya kila namba andika herufi moja: P kama darasa linapangwa, E kama mwalimu anaeleza, Z kama ni zoezi, M kama ni mchezo. Herufi hizi zitakuambia sababu, wakati namba zinakuambia matokeo tu.

Ili macho yasiende kwenye saa kila mara, rekodi sauti yako kwenye simu: "tazama", sekunde 10, "andika", sekunde 10, kwa dakika 48. Isikilize kwa sikio moja.

Mfano wa karibu. Mtoto namba 31 yuko uwanja wa tano. Mpira umeingia kwenye majani marefu, mwenzake ameufuata. Namba 31 amesimama, anavuta soksi. Sauti inasema "andika". Alama ni 3. Mtazamaji mwenye huruma ataandika 4 kwa kuwa "alikuwa anacheza sasa hivi". Huo ni uongo, hata kama ni mdogo. Uongo kama huo ukirudiwa mara 20 katika somo unatosha kutengeneza ushindi ambao haupo.

ONYO LA PILI, AMBALO NI LILE LILE

Kura ipigwe upya kabla ya kila somo. Tia namba za wasichana kwenye kopo moja na za wavulana kwenye kopo lingine. Toa wasichana 2, wavulana 2, na mmoja wa akiba kama mtu atatoka. Watoto wasijue ni nani, na mwalimu anayefundisha asijue pia. Mwalimu akijua, atawapigia kelele hao wanne.

MPANGO WA MASOMO

Masomo 3 ya zamani, kisha masomo 3 ya timu ndogo, kisha masomo 2 ya zamani tena. Walimu wengi hupuuza hatua ya mwisho kwa kuwa hawataki kurudi nyuma. Lakini bila kurudi huwezi kujua kama watoto walichangamka kwa sababu ya timu ndogo au kwa sababu muhula uliendelea, mvua zilipungua na uwanja ukakauka. Ukirudi kwenye mpira mmoja na mwendo ukashuka, hapo una neno la kusema. Somo lililokatwa na mvua halihesabiwi. Lifanye tena wiki inayofuata.

Kitu kimoja tu kibadilike. Saa ya somo iwe ile ile, mwalimu yule yule, uwanja ule ule. Na sauti ya mwalimu pia. Mwaka 2007 Ermanno Rampinini na wenzake walichapisha uchunguzi wao kwa wachezaji wa mpira, ukionyesha kwamba mchezo wa timu ndogo huwa mkali zaidi uwanja ukipanuliwa, wachezaji wakipungua, na kocha akiwahimiza. Ukinyamaza katika masomo ya zamani na kushangilia katika mapya, umepima koo lako.

DARASA LA MFANO

Namba zifuatazo ni za mfano, tumezitunga ili hesabu ionekane.

Darasa lina wanafunzi 52. Katika somo la zamani 22 wanacheza na 30 wanangoja zamu. Katika somo jipya uwanja umegawanywa sehemu 6 kwa mawe, kila sehemu wachezaji 8, magoli ya mita 1 bila kipa. Wanne wanaobaki huingia kila baada ya dakika 3. Mpira wa kununua ni mmoja. Mingine 5 imefungwa kwa mifuko ya plastiki na kamba.

Masomo ya zamani yalitoa alama 50, 45 na 54 za mwendo, kila moja kati ya 144. Jumla ni 149 kati ya 432, yaani asilimia 34. Masomo mapya yalitoa 65, 78 na 75: jumla 218, asilimia 50. Kurudi kwenye mpira mmoja kulitoa 52 na 56: 108 kati ya 288, asilimia 37.5.

Usitazame wastani peke yake. Tazama kama makundi yanaingiliana. Somo jipya baya kuliko yote lina 65; somo la zamani zuri kuliko yote lina 56. Hayaingiliani, na mwendo ulishuka uliporudi nyuma. Kwa darasa hili mwalimu ana haki ya kusema kwamba timu ndogo ziliongeza mwendo, karibu dakika 8 kwa somo. Kama somo jipya moja lingekuwa na 51, angenyamaza na kuongeza masomo.

Sasa herufi. Katika somo jipya la kwanza P zilikuwa 45. Kila alama ni sekunde 20, kwa hiyo dakika 15 ziliisha kwa kugawa timu na kugombania mipira. Katika la tatu P zilikuwa 24, dakika 8, kwa sababu timu zilipangwa darasani siku ya kabla. Mwalimu angehesabu kuanzia filimbi, asingeona dakika hizo kabisa.

Kisha gawa kwa wasichana na wavulana. Wavulana walipanda kutoka alama 90 hadi 122 kati ya 216. Wasichana kutoka 59 hadi 96. Wote wamepanda, lakini wasichana bado wako nyuma kwa alama 26. Hilo ndilo swali la mzunguko unaofuata: je, wakicheza timu za wasichana peke yao pengo linapungua? Utafiti wa mwalimu darasani huenda hivyo: jibu moja, swali jipya, kipimo kile kile.

KAGUA MTAZAMAJI

Kabla ya kuanza, watazamaji wawili wamtazame mtoto mmoja kwa sauti moja ya simu, bila kuchunguliana. Katika alama 60, angalau 48 zilingane, yaani asilimia 80. Zisipofika hapo, zungumzeni kuhusu 3 na 4, maana kutokubaliana hukaa hapo, kisha rudieni.

USIANDIKE HAYA

Usiandike "imethibitishwa kwa shule zote". Umepima darasa moja. Usiandike kwamba watoto wamejifunza mpira vizuri zaidi, kwa kuwa kukimbia si kujifunza na hukupima ufundi. Wala usiandike kwamba afya zao zimeboreka.

ONYO LA MWISHO

Tunarudia kwa kuwa tunajua litapuuzwa: mtoto achaguliwe kwa kura, kabla ya somo, na mtu asiyefundisha. Kila ripoti iambatanishwe na karatasi ya kura yenye tarehe, namba zilizotoka na sahihi ya mtazamaji, pamoja na karatasi za alama 144 kama zilivyojazwa uwanjani, zikiwa na matope na makosa yaliyokatwa. Ripoti iliyonakiliwa safi bila karatasi hizo itarudishwa.