Kuuza Hisa za Kukopa: Kwa Nini Hasara Yake Haina Kikomo

Wengi hununua hisa wakitarajia bei ipande. Hata hivyo, kuna wanaofaidika bei ikishuka: wao hukopa hisa, huziuza, kisha huzinunua tena baadaye ili kulipa deni. Nchini Kenya, biashara hii ilipata kanuni zake mwaka 2017, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA).

Mfano wa mahindi

Tuseme mfanyabiashara wa Njoro anakopa magunia 10 ya mahindi kwa sharti la kurudisha magunia 10, si pesa. Anayauza mara moja kwa Sh4,000 kila gunia na kupata Sh40,000. Mavuno yakiingia na bei ishuke hadi Sh2,500, atanunua magunia 10 kwa Sh25,000, alipe deni na kubaki na Sh15,000, kabla ya kutoa ada ya mkopo.

Je, bei ikipanda hadi Sh9,000? Bado anadaiwa magunia 10, ambayo sasa ni Sh90,000. Amepoteza Sh50,000.

Hapo ndipo hatari ilipo. Bei haiwezi kushuka chini ya sifuri, hivyo faida yake haiwezi kuzidi Sh40,000. Lakini hakuna dari inayozuia bei kupanda, na kila inapopanda deni huwa ghali zaidi. Aliyenunua mahindi ya Sh40,000 kwa pesa zake hawezi kupoteza zaidi ya hizo.

Mbano hutokeaje?

Anayekopa hisa huweka dhamana. Bei ikipanda, dalali humtaka aongeze dhamana hiyo. Akishindwa, hisa hununuliwa kwa lazima ili kufunga deni. Wakopaji wengi wakilazimika kununua kwa wakati mmoja, ununuzi wao wenyewe huzidi kupandisha bei, na wengine nao hubanwa.

Ndivyo ilivyotokea Marekani Januari 2021 kwa hisa za kampuni ya maduka ya michezo ya video, GameStop. Hisa zilizouzwa kwa mkopo zilikuwa nyingi kuliko zilizokuwa huru sokoni, kwa sababu hisa iliyokopwa na kuuzwa inaweza kukopeshwa tena na mnunuzi wake mpya. Wawekezaji wadogo walipoanza kuzinunua kwa wingi, bei ilitoka chini ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi hadi kugusa dola 483 tarehe 28. Mfuko wa Melvin Capital, uliotarajia bei ishuke, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mwezi huo.

Kwa mkazi anayefanya biashara kwa simu

Katika programu nyingi za biashara ya fedha za kigeni, kubonyeza "Sell" bila kumiliki kitu ni kuingia upande huu huu wa deni. Kabla ya kuweka pesa, hakikisha dalali yumo katika orodha ya waliopewa leseni na CMA, na umuulize: bei ikipanda ghafla, nitadaiwa zaidi ya nilichoweka?