Kabla hujalipia Crown, piga simu duka la matairi

Leo nakaa na msomaji mmoja wa Msasani, yeye na mume wake. Wamepata Crown mbili, zote zile za kuanzia 2003 hadi 2008, zote injini ya 2.5. Moja ni Royal Saloon, nyingine Athlete. Bei zinakaribiana, maili zinakaribiana, na Athlete inavutia zaidi machoni. Shemeji anaitaka Athlete. Mdogo wangu ananiuliza kama kuna kitu hawajakiona.

Kipo, mdogo wangu, na kiko chini kabisa ya gari. Mkienda kuziona, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Royal ya umri huo mara nyingi inavaa 215/60R16. Athlete kwa kawaida inavaa 225/45R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, asilimia ngapi ya ule upana. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Sasa piga hesabu: asilimia 60 ya 215 ni milimita 129, na asilimia 45 ya 225 ni kama 101. Athlete ina ubavu mfupi kwa karibu sentimita tatu, na hizo sentimita ndizo zinazopokea shimo kabla ya rimu.

Wewe unakaa Msasani, barabara zetu unazijua. Masika maji yanatuama kwenye vichochoro na huoni shimo lina kina gani mpaka uwe umeshaingia. Tairi la ubavu mrefu linabonyea na kurudi. La ubavu mfupi linabanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku chache unaona nundu pembeni. Nundu haizibwi. Fundi pancha akikuambia ataliweka kiraka ukaendelee nalo, mshukuru na uondoke, kwa sababu tairi hilo linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Na rimu yenyewe ikipinda, usukani unaanza kutetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu.

Lakini kinachoniuma zaidi kwa niaba yenu ni kinachofuata ukienda kutafuta tairi la pili. Kiwanda chetu cha General Tyre pale Arusha kilisimama siku nyingi, kwa hiyo tairi tunayovaa hapa imeletwa na mwagizaji. Mwagizaji anajaza kontena kwa saizi zinazotoka haraka: za gari ndogo, za RAV4, za Noah, za pikapu. Saizi ya inchi 16 kama ya Royal inavaliwa na gari nyingi, hivyo ukizunguka Kariakoo na Ilala unakuta majina kadhaa, ya Kijapani na ya Kichina, na unaweza kurudi baada ya mwaka ukaikuta kampuni ileile. Hiyo 225/45R18 utaipata pia, sitaki kukutisha, ila maduka machache, majina machache, na mara nyingi wana mawili tu ya aina moja, au moja la hili na matatu ya lile.

Hapo ndipo pesa inapotoka bila wewe kuipangia. Crown inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiweka nyuma tairi jipya la kampuni moja na kuukuu la kampuni nyingine, mizunguko yake inatofautiana, difu inafanya kazi muda wote hata kwenye njia iliyonyooka, na kwenye maji gari linavuta upande. Kwa hiyo likiharibika moja na mwenzake hapatikani, unanunua mawili. Na kama gari ni ile inayovuta magurudumu yote manne, wenyewe wanaiita i-Four, ugumu unaongezeka, maana yote manne yanatakiwa yafanane.

Nikuwekee bei za kufikirika, wewe utaweka za duka ulilopigia. Tuseme tairi la 16 ni shilingi 180,000 na la 18 ni 270,000. Seti ya Royal ni 720,000, ya Athlete 1,080,000. Sasa tuseme ndani ya miaka mitatu mnabadilisha seti mara moja, na mashimo yanakula matairi mawili kwa nyakati tofauti. Royal inanunua moja moja, maana mwenzake yupo dukani na hayo mengine bado yana kina: 360,000. Athlete kila mara inanunua mawili: 1,080,000. Jumla, Royal 1,080,000 na Athlete 2,160,000. Tofauti ni milioni moja na elfu themanini, na muuzaji wa gari hakuitaja popote. Ukiendesha kwa uangalifu na usipoharibu hata moja, tofauti inabaki ile ya seti tu, 360,000. Nakuambia zote mbili ili shemeji asiseme dada anakuza mambo.

Ukipiga simu dukani usiulize tu kama saizi wanayo, maana watasema ipo. Uliza wanayo manne ya kampuni moja? Bei ya moja ni ngapi? Na wakusomee tarehe. Kwenye ubavu, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho: 1421 ni wiki ya 14 ya mwaka 2021. Saizi isiyotoka haraka inakaa rafuni, na mpira unazeeka hata bila kutembea, hasa kwa joto la Dar. Nimeona watu wanalipia tairi linaloitwa jipya ambalo limeshakaa miaka minne au mitano. Kwa saizi ya 16 mzigo unazunguka upesi, kwa hiyo nafasi ya kupata la karibuni ni kubwa. Na mkienda kwa muuzaji, soma pia tarehe ya matairi yaliyoko kwenye hizo gari mbili. Kama ni ya zamani, hesabu seti nzima ndani ya bei na umwambie muuzaji apunguze.

Na kama moyo wa shemeji umeshaganda kwenye Athlete, kuna njia ya katikati. Mtafute rimu za inchi 17, za Crown hiyohiyo, mvae 215/55R17. Matundu ya nati yanalingana, matano kwa milimita 114.3, na mzunguko wa nje unakaribia sana ule wa awali, kwa hiyo spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kusumbua. Ubavu unapanda hadi milimita 118. Kabla ya kulipa, mwambie fundi afunge rimu moja mbele, aizungushe kwa mkono na aangalie kama haigusi kalipa ya breki, maana breki za Athlete si lazima ziwe sawa na za Royal. Za inchi 16 hapo sizishauri bila kupima hivyo hivyo. Rimu za 18 mnaweza kuziuza, wapo wanaozitafuta.

Mimi pesa yangu ningeiweka kwenye Royal. Lakini gari ni lenu wawili, kwa hiyo Jumamosi asubuhi kaeni na simu, pigieni maduka matatu mkiwa na hizo saizi mbili kwenye karatasi, halafu mwende kwa muuzaji mchana.