Kipimo cha Mkono wa Mtoto
Watoto wanapopimwa lishe katika shehia za Ng'ambo, tunawashauri wazazi wafuatilie kipimo chenyewe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Mtoto mwenye 12.3 yumo katika kundi la pili. Utepe ukilegea ukasoma 12.6, ataonekana mzima na kukosa huduma.

Hata utepe ukikazwa vyema, haugundui udumavu, unaojulikana kwa kulinganisha urefu na umri. Uzito ukilinganishwa na urefu nao huweza kufichua ukondefu ambao mkono haukuuonyesha. Basi ombeni vipimo vyote vitatu.