Bima ya masomo: akiba au kinga?

SWALI: Nina duka Makindu, kando ya barabara ya Mombasa. Wakala anataka nilipe shilingi 5,000 kila mwezi kwa miaka 10, kisha nipokee 700,000, na nikifa mapema watoto walipwe. Nikubali?

JIBU: Hapana. Utakuwa umetoa 600,000, kwa hiyo faida ni kama asilimia 3 tu kwa mwaka. Ukikwama mwaka wa kwanza, huenda usirudishiwe hata ndururu. Wakala hasemi hilo. Chukua bima ya maisha ya muda, isiyo na akiba ndani yake. Ada yake ni ndogo zaidi. Kinachobaki kiweke kwenye hatifungani za serikali. Ila kwanza lipa SHA, halafu likatie duka bima ya moto kwa thamani kamili ya bidhaa: ukiandikisha nusu, kampuni inaweza kukulipa nusu tu ya hasara, hata kama kilichoungua ni rafu moja.