Dondoo muhimu: PS5 moja, binamu wawili

Walichanga nusu kwa nusu kununua gemu la mpira. Ugomvi ukaanza palepale: liingie akaunti ya nani? "Yangu, mimi mkubwa," alisema mmoja. "Ukihama je, binamu?" mwenzake akamjibu.

Swali la mdogo ndilo la msingi. Gemu la kupakua hubaki kwenye akaunti iliyolinunua, wala halihamishiki kwenda nyingine. Kulicheza ni suala tofauti. Mnunuzi aingie Settings, Users and Accounts, Other, kisha Console Sharing and Offline Play, achague Enable. Tangu hapo yeyote mwenye wasifu kwenye PS5 hiyo analicheza kwa akaunti yake, na maendeleo yake hayachanganyiki na ya mwenzake. Pointi za kununulia wachezaji ndani ya gemu, hata hivyo, hubaki kwa aliyezilipia.

Ruhusa hiyo hukaa kwenye PS5 moja tu kwa kila akaunti. Mkubwa akihama na kuiwasha kwenye mashine mpya, mdogo ataona alama ya kufuli kwenye gemu, ingawa limebaki kwenye diski.

Kwa hiyo magemu ya kuchangia yaingie akaunti ya anayebaki na mashine. Kama haijulikani nani atabaki, nunueni CD, mradi PS5 yenu ina sehemu ya kuiingiza: hiyo huchezeka kwa akaunti yoyote, na siku ya kuachana inauzika. Nywila msipeane, hasa kama akaunti imeunganishwa na kadi ya benki.