SOMO LA KEMIA: MAJI YA RANGI YA CHUNGWA NA NAMBA YA OKSIDISHO



Katika karakana za kupaka kromiamu juu ya chuma, maji machafu ya matangi huwa na rangi ya manjano au ya chungwa. Njia moja ya kuyasafisha ni kuyatia asidi pamoja na salfeti ya chuma, mpaka rangi ile ipotee na kuelekea kijani. Kromiamu haikuondoka, imo mle mle majini. Kilichobadilika ni namba yake ya oksidisho.

Kromiamu yenye namba +6 huchoma ngozi, hutoboa ukuta wa ndani wa pua, na huleta saratani ya mapafu kwa wanaovuta ukungu wake. Yenye namba +3 ina madhara madogo zaidi kwa mbali. Basi tujifunze kuihesabu namba hiyo, ili tuweze kujua kama dawa iliyotiwa tangini inatosha.

Kuihesabu namba

Kanuni tunazozihitaji leo ni tatu. Kwanza, oksijeni iliyoungana na kitu kingine huhesabiwa -2, isipokuwa mara chache. Pili, ioni ya atomi moja ina namba iliyo sawa na chaji yake. Kwa hiyo Fe²⁺ ni +2 na H⁺ ni +1. Tatu, namba za atomi zote zikijumlishwa lazima zilingane na chaji ya ioni nzima.

Tuchukue ioni ya daikromati, yaani ile ya rangi ya chungwa: Cr₂O₇²⁻. Oksijeni ni saba, kila moja -2, jumla -14. Chaji ya ioni nzima ni -2. Kwa hiyo kromiamu mbili zimebeba +12, na kila moja ni +6. Hiyo ndiyo sumu.

Katika tangi, kila kromiamu hushuka kutoka +6 hadi +3 kwa kupokea elektroni tatu. Tunasema imepunguzwa. Elektroni hizo hutolewa na chuma, ambacho hupanda kutoka +2 hadi +3. Tunasema kimeoksidishwa.

Kusawazisha mlinganyo

Tunaanza na nusu ya kromiamu, tukisawazisha kromiamu yenyewe:

Cr₂O₇²⁻ → 2Cr³⁺

Kushoto kuna oksijeni saba, kulia hakuna. Tunaongeza maji saba kulia. Maji hayo yameleta hidrojeni 14, basi tunaongeza H⁺ 14 kushoto. Hizo hutoka katika asidi:

Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ → 2Cr³⁺ + 7H₂O

Sasa tutazame chaji. Kushoto ni +12, kulia ni +6. Tunaongeza elektroni sita kushoto, nazo zinalingana na hesabu yetu ya tatu kwa kila kromiamu:

Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6e⁻ → 2Cr³⁺ + 7H₂O

Nusu ya chuma ni fupi:

Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻

Chuma kimoja hutoa elektroni moja, na zinatakiwa sita. Tunazidisha nusu hii kwa sita, kisha tunajumlisha nusu zote mbili. Elektroni za pande mbili zinafutana:

Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6Fe²⁺ → 2Cr³⁺ + 6Fe³⁺ + 7H₂O

Chaji ya kushoto ni -2 + 14 + 12 = +24. Ya kulia ni 6 + 18 = +24. Mlinganyo umekaa sawa.

Kosa la kujihadhari nalo

Wengi huhesabu atomi tu na kuandika Fe²⁺ moja kushoto na Fe³⁺ moja kulia. Atomi zitalingana kabisa, lakini chaji itakuwa +14 kushoto na +9 kulia. Mlinganyo huo ni wa uongo. Anayepima dawa kwa kuufuata atatia sehemu moja tu kati ya sita zinazotakiwa, na sumu nyingi itabaki.

Kwa uzito, kilo 1 ya daikromati ya potasiamu huhitaji karibu kilo 5.7 za fuwele za salfeti ya chuma. Fuwele mpya huwa za kijani hafifu. Zilizokaa wazi zikageuka hudhurungi zimeshaanza kutoa elektroni zake hewani, hivyo kipimo hicho hakitatosha. Tena mlinganyo unaonyesha kwamba asidi inaliwa: H⁺ 14 kwa kila daikromati. Rangi peke yake isituridhishe, maana mabaki kidogo hayaonekani kwa macho. Lazima maji yapimwe kabla ya kutiwa chokaa ili kromiamu ishuke chini kama tope.

Zoezi

Tafuta namba ya manganizi katika MnO₄⁻. Kisha sawazisha mlinganyo wake na Fe²⁺ katika asidi, ambapo manganizi huwa Mn²⁺.

Jibu: +7. MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O