Udobi wa Nyumbani: Bei kwa Kilo na Lebo za Nguo

Ijumaa jioni, mashati meupe ya wanafunzi wa Katesh, Dongobesh au Haydom hufanana kiasi kwamba hata mama mzazi huweza kuchukua lisilo la mwanawe. Kwa mkazi anayefulia watu nyumbani, shati moja likipotelea kwa jirani huweza kumpotezea wateja wawili kwa mkupuo.

Tuanze na bei. Nguo zipimwe zikiwa kavu, mbele ya mteja, baada ya kuhakikisha kuwa mizani yenye kikapu kitupu inasoma sifuri. Mizani ya biashara sharti iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Tuchukulie mfuko wa kilo 6. Maji madumu matano kwa shilingi 100 kila moja ni 500, sabuni 700, kazi ya saa tatu kwa shilingi 1,000 kwa saa ni 3,000, lebo, vibanio na uchakavu wa beseni 300. Jumla ni 4,500, yaani 750 kwa kilo kabla ya faida. Anayetoza 1,000 hubakiwa na 1,500 za faida na tahadhari ya fidia. Anayetoza 500 ili kuvutia wateja hupokea 3,000. Akiisha kulipia maji, sabuni na vifaa, ujira wake umebaki nusu. Msomaji aweke bei za mtaani kwake katika hesabu hiyo.

Pasi isiingizwe humo. Kilo moja ya nguo za mtoto ni vipande vingi kuliko kilo moja ya suruali za jinzi, na mizani haioni kazi hiyo. Pasi itozwe kwa kipande. Blanketi nalo lipewe bei yake, kwani katika baridi ya Juni na Julai huku kwetu huweza kukaa kambani siku mbili.

Sasa lebo. Kata vipande vya shuka jeupe kuukuu, upana wa vidole viwili, uandike kwa wino usiofutika. Chemsha kimoja kwanza katika maji ya sabuni. Maandishi yakififia, badilisha kalamu. Andika namba ya mteja na idadi ya nguo zake: 27/14 ni mteja wa 27, nguo 14. Shona lebo kwa mishono miwili milegevu kwenye kila nguo kabla haijagusa maji. Pini za chuma huacha kutu. Soksi zishonwe pamoja, jozi kwa jozi.

Daftarini andika namba hiyo, uzito, aina za nguo, na doa au tundu lililokuwapo, mteja akishuhudia.

Wakati wa kukunja, mfuko wa 28/9 ukitoka na nguo kumi, soma lebo zote: mojawapo itakuwa 27/14. Mfuko ukipungua, usikabidhi mfuko wowote wa siku hiyo kabla ya kukagua mingine, kamba na beseni. Lebo hukatwa mteja akiwapo, baada ya kuhesabu pamoja naye.